Kadi ya Marehemu Si Mahali pa Kumwaga Maneno

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni wa karatasi ndogo yenye upana wa milimita 105 na urefu wa milimita 148. Ndiyo ile karatasi ya A5 iliyokunjwa katikati, ambayo kwetu Nassa na katika Simiyu nzima hugawiwa siku ya kumaliza matanga au siku ya kumbukumbu ya mwaka. Mbele huwekwa picha ya marehemu, ndani wasifu wake na ratiba ya ibada, na nyuma huwekwa kitu kinachoitwa shairi. Ugomvi wangu ni na hicho kinachoitwa shairi.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na tangu nilipostaafu nimehudhuria misiba mingi kuliko harusi. Kadi ninazo katika sanduku. Nikizisoma moja baada ya nyingine naona kwamba marehemu wote wa wilaya yetu walikuwa nyota, wote walikuwa nuru, na wote walikuwa ua lililonyauka kabla ya wakati, hata yule mzee aliyefariki akiwa na miaka 91. Maneno hayo yamehifadhiwa katika kompyuta za maduka ya steshenari. Mfiwa akifika, mchapaji humwuliza: unataka la mama, la baba au la mtoto? Kisha hubadilisha jina na picha. Hivyo mkulima wa pamba wa Nassa huzikwa kwa maneno yaleyale aliyozikiwa mhasibu wa mjini, na yote mawili yametafsiriwa kutoka kadi za Kiingereza na mtu asiyejua kwamba beti huhesabiwa.

Ili nisimnyoshee kidole mtu yeyote, nitaunda mfano wangu mwenyewe wa aina hiyo. Msomaji atautambua:

Ulikuwa nuru ya maisha yetu,
leo umetuzimikia,
nyota yetu iliyong'aa angani milele,
pumzika kwa amani.

Hesabu mizani. Mshororo wa kwanza una 12, wa pili 9, wa tatu 15, wa nne 8. Anayeusoma kwa sauti mbele ya waombolezaji hukimbia, husimama, kisha hukimbia tena, kama mtu anayeshuka ngazi ambayo kila kidato kina kimo chake. Tazama pia picha zilizomo. Katika mshororo wa pili nuru imezimika, na katika wa tatu nyota inang'aa milele. Imezimika au inang'aa? Mtunzi hakujiuliza, maana hakuwa akiona chochote alipokuwa akiandika. Alikuwa akiokota maneno yanayofanana na huzuni.

Mshororo mmoja tu ndio umesimama wima, nao ni ule wa mwisho. Pu-m-zi-ka-kwa-a-ma-ni: mizani 8 kamili. Maneno hayo ni tafsiri ya maombi ya Kilatini, na aliyeyatafsiri huenda hakuwa na habari na utenzi, lakini yameangukia katika kipimo ambacho sikio la Mswahili limekizoea kwa karne nyingi. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya kung'ang'ania ndimi zetu.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba huzuni haina kipimo, na kwamba ni ukatili kumdai mfiwa vina na mizani. Hoja hii inapendeza masikioni, ila inasahau kadi inavyotumika. Kadi haisomwi na mtu mmoja chumbani. Husimama mjukuu, mara nyingi wa darasa la sita au la saba, akasoma ubeti ule mbele ya watu mia tatu huku sauti inatetemeka. Mjukuu yule anahitaji fimbo ya kuegemea, na fimbo hiyo ni mizani. Mstari ukiwa na hatua zinazojulikana, sauti ikikatika hujua pa kuanzia tena. Mstari usio na kipimo humwacha katikati ya njia. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi, alilifunga shairi na uimbaji wake. Sijapata kuona mahali ambapo rai hiyo ina nguvu kuliko penye kaburi.

Wengine hunitajia Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya ghuba hii tunayoitazama kila asubuhi, na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilifungua mlango wa mashairi huru. Ni kweli. Lakini asomaye Kichomi kwa makini ataona mtu aliyechagua kila pumziko na kila mahali pa kukata mstari. Kuacha kipimo baada ya kukijua ni jambo moja, na kutojua kwamba kipimo kipo ni jambo jingine. Muuza kadi asijifiche nyuma ya Kezilahabi.

Kundi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa ni la watu wanaolijua shairi. Hao huandika kwenye kadi beti za tarbia, mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kazi safi kabisa. Kasoro yake ni karatasi. Mshororo wa mizani 16 huwa na herufi 35 hadi 45 pamoja na nafasi zake. Kwenye kadi yenye upana wa milimita 105, ukiacha pambizo pande mbili, kwa herufi ambazo bibi wa miaka sabini anaweza kuzisoma, mshororo huo hautoshi. Mchapaji huuvunja pale nafasi inapokwisha, neno moja au mawili yanaanguka chini peke yake, na kina cha kati kinapotea machoni. Beti 4 zinageuka kuwa mistari 30 isiyo na sura. Akiona hivyo hupunguza ukubwa wa herufi, na hapo hakuna asomaye tena. Lawama hapo ni ya malenga aliyepima ulimi na kusahau kupima kadi.

Umbo linaloenea kwenye kadi ni la utenzi: mishororo 4 mifupi, kila mmoja una mizani 8. Lakini hapa pana mtego ambao hata walimu wenzangu huuangukia. Katika utenzi mishororo 3 ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne huwa na kina chake, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi utakapokwisha. Kina hicho cha nne huitwa bahari. Sasa, ukiandika ubeti mmoja tu, bahari haina pa kurudi. Sikio linasikia vina 3 vinavyofanana, kisha linasikia sauti ya nne ngeni, linangoja jibu lake, na jibu haliji. Ubeti unaning'inia. Ama mishororo yote 4 iwe na kina kimoja, ama ziandikwe beti 2 ili bahari ya kwanza ijibiwe na ya pili. Mimi huchagua beti 2. Hazizidi mishororo 8, na nafasi ya jina na tarehe hubaki.

Nitoe mfano wa kazi yenyewe. Mwaka juzi, mwezi wa Juni, alifariki bibi mmoja jirani yangu. Alikuwa mkulima wa pamba maisha yake yote. Huku kwetu pamba hupandwa kuanzia Novemba, palizi hufanyika mvua zikiendelea, na vitumba hufunguka kuanzia Mei. Bibi huyu alipanda na kupalilia, ila hakuchuma. Mwanawe alikuja kutoka mjini akiwa na shairi katika simu, lenye nyota na malaika, akaniomba nilisahihishe herufi tu kabla halijapelekwa Lamadi kuchapwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni kuangalia makosa madogo madogo tu."

Nikamwuliza: mama yako alipenda kutazama nyota? Akacheka kidogo. Nikamwuliza kuna nini nyumbani ambacho mkimwona hamsemi, lakini kila mtu anakitazama. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema ni jembe. Limeegemea ukuta wa jikoni tangu palizi, lina tope, hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Hapo shairi lilikuwa limekwisha kupatikana. Kilichobaki ni kazi ya mikono. Jioni ile tuliunda beti hizi:

Jembe liko ukutani,
tope kavu mpinini,
pamba nyeupe shambani,
mama umepumzika.

Kisimani tukipita,
mlangoni tukisita,
jina lako tutaita,
ingawa hutaitika.

Wacha niseme jinsi zilivyopimwa, kwa sababu ni katika kupima ndipo watu hupotea. Je-mbe-li-ko-u-ku-ta-ni ni 8, na hakuna shida. To-pe-ka-vu-m-pi-ni-ni ni 8 pia, lakini asiyejua husema 7, kwa kuwa huona "mpi" kama silabi moja. M ya mpini hutamkwa peke yake, nayo ina mzani wake, kama ilivyo katika mtu na mlango. Si kila m iliyo mbele ya konsonanti iko hivyo. Mbuni yule ndege ana silabi 2, mbu-ni; mbuni ule mti wa kahawa una silabi 3, m-bu-ni. Jicho halioni tofauti, sikio linaisikia. Kwa hiyo hesabu kwa kugonga meza, kidole kimoja kwa kila sauti, usihesabu kwa kutazama. Pumzika nayo ina 4, pu-m-zi-ka, na ndiyo inayowaangusha wengi, hata wale walioiandika kwenye kadi mia.

Hesabu peke yake haitoshi. Mkazo wa neno la Kiswahili huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa sababu hiyo mishororo yote 8 ina mkazo kwenye mzani wa 7. Hilo linakuja lenyewe, mradi usimalize mshororo kwa neno la silabi moja. Mwendo mtulivu hutokana zaidi na katikati ya mshororo. Jembe liko, ukutani. Tope kavu, mpinini. Kisimani, tukipita. Mishororo mingi inagawanyika 4 kwa 4, na msomaji anapata pa kuvuta pumzi. Mishororo inayofunga beti haigawanyiki hivyo, wala ule wa tatu, maana humo neno "nyeupe" limelala juu ya mpaka. Huo wa tatu ningeweza kuuandika "pamba tele mashambani", ukagawanyika vizuri. Nilikataa. Tele haionekani, nyeupe inaonekana. Kila aliyepita barabara ya Nassa mwezi wa Juni anaujua weupe ule, na anajua una maana gani kwa mwenye shamba asiyekuwepo. Mwendo ukipungua kidogo kwa ajili ya picha ya kweli, hasara hiyo naikubali. Ukipungua kila mahali, ningeanza upya.

Wapo watakaonicheka kwa kina cha ni katika ubeti wa kwanza, kilicho chepesi kuliko vyote kwa kuwa hupatikana kwa kubandika kiambishi. Wacheke. Kadi si mashindano ya vina vigumu, na neno lililokunjwa ili kupata kina adimu huonekana kama mtu aliyekuja msibani na viatu vipya vinavyolia. Kwa sababu hiyohiyo sikutumia mtima wala mato, wala sikufupisha tuliyempenda kuwa tulompenda. Hayo ni halali ya mshairi, na kwa watu wa Lamu au Mombasa ni maneno ya nyumbani. Kwa wasomaji wa kadi hii, ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, ni vizingiti.

Mwana hakufurahi. Alisema, kwa adabu lakini alisema, kwamba watu wa mjini wataona jembe na tope wataona familia ni ya kimaskini, na kwamba mama anastahili maneno makubwa. Nadhani hapa ndipo ulipo mzizi wa ugonjwa wote. Nilimwuliza ni karatasi gani nyingine duniani yenye jina la mama yake. Tulihesabu: kitambulisho, kadi ya kliniki, kadi ya mpiga kura, risiti za chama cha ushirika zilizoandikwa kilo za pamba. Hakuna hata moja inayosema alikuwa mtu wa namna gani. Kadi hii ndiyo maandishi ya kwanza na ya mwisho kumhusu yeye mwenyewe, na hapo ndipo tuweke maneno ya mtu mwingine yaliyotoka katika kompyuta ya duka? Nyota ni ya kila mtu. Jembe lile lilikuwa lake.

Aliyelimaliza jambo si mimi. Binti wa marehemu, aliyekuwa kimya muda wote akichambua choroko, aliomba tumsomee tena. Akasema hakuna siku hata moja waliyomwita mama. Walimwita mayu. Tukabadilisha: mayu umepumzika. Ma-yu ina mizani 2 kama ma-ma, na hakuna kilichotikisika. Kuna watu wanaodai kwamba kipimo hufunga watu minyororo. Pale kipimo kilimruhusu binti kuingiza neno la lugha ya mama yake bila kuvunja chochote. Katika yale maneno ya nyota angeliingiza wapi?

Kwa nyinyi malenga mnaokidharau kibarua hiki nina neno kali kidogo. Alipofariki Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999, wengi wetu tulikaa usiku kucha tukitunga, na tulifanya vema. Lakini mkubwa hakosi mshairi. Mkulima hukosa, naye anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa malenga mwenye diwani mbili. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na Shaaban Robert alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi. Walianza na mtu wa nyumbani. Sisi tumewaachia wachapaji watu wa nyumbani, kisha tunalalamika kwamba ushairi unakufa.

Na kwa wachapaji, ombi moja tu. Msiupange ubeti katikati ya karatasi kama mnavyopanga tangazo la harusi. Mishororo ianzie kushoto, yote kwenye mstari mmoja wima, na pawe na nafasi kati ya ubeti na ubeti. Macho ya msomaji yakirudi mahali palepale kila mara, sauti nayo hurudi. Mistari iliyopangwa katikati humfanya mtoto atafute pa kuanzia, na anayetafuta huku analia hapati.

Kadi ilichapwa. Ilisomwa na mjukuu wa darasa la sita, polepole, hakukwama. Ila nilipoipokea niliona kwamba mwana, alipofika Lamadi peke yake, alimwambia mchapaji aongeze chini ya beti zetu, kwa herufi kubwa za dhahabu, pumzika kwa amani. Sikumsema. Ina mizani 8.